Jedwali pana, kadi ya stoo au orodha ya miamala: ipi ifuate chakula, chanjo na dawa za kuku wako?

Kundi la 8 lilipoingia bandani, vifaranga 350, Kundi la 7 lilikuwa na siku 14 na kuku hai 492. Kundi la 7 lilikuwa linakula stata bado, na lingeendelea nayo mpaka siku ya 21. Kwa hiyo kwa wiki nzima makundi mawili yalichota stata kwenye stoo moja, ambako siku ya kwanza kulikuwa na mifuko 10 ya kilo 50. Mwisho wa wiki ilibaki mifuko 2 mizima na mmoja uliofunguliwa.

Nitaitumia wiki hiyo kupima njia tatu za kuweka hesabu ya stoo ya kuku, kwa sababu kundi likiwa moja tu shambani karibu njia yoyote inafaa. Makundi yanapopishana ndipo karatasi zinapoanza kusema uongo. Karatasi ya stoo ina maswali mawili ya kujibu: kila kundi limetumia nini, na kimebaki nini. Njia nyingi hujibu swali moja vizuri na kulibabaisha la pili.

Njia tatu zenyewe

Jedwali pana ndilo ambalo wengi huanza nalo. Kila siku ina mstari wake, na kila kitu kina safu yake: stata K7, stata K8, groa K7, chanjo, dawa, na pembeni kabisa salio. Linakaa ukutani stoo, mhudumu anaandika namba jioni na kazi imeisha.

Kadi ya stoo ni kadi moja kwa kitu kimoja. Ina tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, na saini ya aliyechukua. Stata ina kadi yake, chanjo ya gumboro ina yake, dawa ya kuhara damu ina yake.

Orodha ya miamala ni daftari au laha ya kompyuta ambayo kila tendo linapata mstari mmoja, haijalishi ni la chakula, chanjo au dawa. Ukichukua kilo 6 za stata kwa ajili ya K8, huo ni mstari. Ukinunua vichupa viwili vya chanjo, mstari mwingine. Hakuna anayeandika salio kwa mkono, linajumlishwa.

Chakula: mfuko au kilo?

Jedwali letu la wiki ile lilikuwa pana, na lilijazwa kwa mifuko. Lilionyesha hivi:

| | Mifuko iliyoandikwa | Kilo kwa hesabu hiyo | Kilo zilizoliwa kweli |
|---|---|---|---|
| K7 | 7 | 350 | 316 |
| K8 | 1 | 50 | 53 |
| Salio | 2 | 100 | 131 |

Safu ya mwisho tuliipata kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimemwomba mhudumu apime kila ndoo kwa mizani ya kuning'iniza, pembeni ya utaratibu wa kawaida. Ona kilichotokea. Vifaranga 350 wa siku ya pili hawamalizi hata kilo 6 kwa siku. Hakuna mtu atakayefungua mfuko mpya kwa ajili yao wakati mfuko wa K7 uko wazi pale pale. Kwa siku tano mhudumu alichota chakula cha K8 kwenye mifuko ya K7, jumla kilo 34. Siku ya sita akafungua mfuko kwa jina la K8, zikatumika kilo 19 kwa siku mbili, zikabaki 31. Jioni aliandika alichofungua, si alichomwaga kwenye vyombo. Hakukosea, safu ilimuuliza mifuko, naye akajibu mifuko.

Mtu atasema kilo 34 si kitu. Kwa K7 ni kweli kwa kiasi: ukizigawa kwa kuku 492 ni gramu 69 kwa kila mmoja, na kwa kuku atakayeuzwa akiwa na kilo 2 hilo linasogeza uwiano wa chakula kwa uzito kwa takribani 0.03 tu. Nisingekosa usingizi kwa hilo.

Balaa liko kwenye safu ya K8. Kwa siku tano za mwanzo jedwali lilionyesha kwamba vifaranga hawakula chochote. Wiki ya kwanza ndiyo wiki ambayo ulaji hukuambia mapema kama taa za joto hazitoshi, kama maji ni ya baridi mno, au kama vifaranga walifika wakiwa wamechoka. Kifaranga wa nyama hula takribani gramu 150 katika siku zake saba za mwanzo. Ukipata 151, kama tulivyopata sisi kwa kupima, unalala. Ungepata 110, ungeshika tochi na kwenda kuangalia wanalala vipi. Lakini jedwali la mifuko linakupa sifuri siku tano kisha 50 kwa mpigo, na hapo hakuna unachoweza kukisoma.

Kadi ya stoo ingefanya nini wiki ile? Kwa upande wa salio ingefanya kazi safi zaidi, kwa sababu kila anayechota anaandika na kupunguza papo hapo, na mwenye stoo akipita anaweza kuhesabu mifuko na kulinganisha na mstari wa mwisho. Lakini kadi ya kawaida haina safu ya kundi. Inakuambia kwamba stata imepungua kilo 369, haikuambii nani amekula ngapi. Ukiongeza safu ya kundi kwenye kadi, umeshaanza kuigeuza orodha ya miamala, na si vibaya.

Orodha ya miamala ingekuwa na mistari 14 kwa wiki, miwili kila siku, K7 na K8, kwa kilo. Hiyo ndiyo gharama yake. Mhudumu anayejaza jedwali kwa namba mbili jioni sasa ana mistari miwili kamili ya kuandika, na siku ya uchovu ataandika yote kwa pamoja kesho yake, kwa kukumbuka. Nimeona orodha ambayo K8 lilikula kilo 7.0 kila siku kwa wiki nzima. Kuku hawali hivyo. Namba inayojirudia bila kupanda kwa kundi linalokua ni dalili kwamba mizani haikuguswa.

Kwa chakula, basi, njia unayochagua ina uzito mdogo kuliko kipimo unachotumia. Jedwali pana linalojazwa kwa kilo linaishinda orodha inayojazwa kwa mifuko. Na ukiwa unapima, pima pia mifuko mitatu au minne kila mzigo unapoingia. Ikiwa kila mmoja una kilo 49 badala ya 50, andika 49 kwenye kuingia, la sivyo utamshuku mhudumu au panya kwa kilo ambazo hazikuwahi kufika stoo.

Chanjo: hapa kadi inashinda

Chanjo hai ya gumboro huja kwenye kichupa kikiwa na dozi 500 au 1,000, na nyingine ndogo zaidi. Ukishaichanganya na maji ya kunywa, kuku wanatakiwa waimalize ndani ya saa mbili. Inayobaki haihifadhiwi. Hapo ndipo hesabu ya dozi inapokudanganya.

Nilishawahi kudanganyika. K7 ilipofika siku ya 14 nilikuwa na kichupa kimoja cha dozi 1,000, kwa sababu vya 500 havikupatikana siku ile. Tukachanja kuku 492. Katika jedwali langu nilikuwa naandika dozi, nikaandika zimetumika 492 na laha ikatoa salio lake kwa utii: 508. Siku ile ile K8 lilikuwa linaingia, nami nikatazama ile 508, nikaona inatosha vifaranga 350 na zaidi. Wiki mbili baadaye nilifungua friji asubuhi ya kuchanja K8, kuku wameshanyimwa maji ili wawe na kiu. Friji ilikuwa na chanjo ya kideri na siagi.

Kosa halikuwa kwenye hesabu. Kwa chanjo ya aina hii stoo huhesabiwa kwa vichupa na kundi huhesabiwa kwa kuku. Kichupa kimoja kimetoka, chote, kwa jina la K7. Kuku waliochanjwa ni 492. Namba hizo mbili zinaandikwa sehemu mbili na hazitolewi moja kutoka kwa nyingine. Dozi 508 ni gharama ya K7, hata kama zilimwagwa.

Kadi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji hulinda hili vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu, kwa sababu unaandika ukiwa umeshika kichupa mkononi. Yangu ina safu za tarehe, bechi, mwisho wa matumizi, vichupa vilivyoingia, vilivyotoka, salio, kundi, na kuku waliochanjwa. Juu kabisa kuna mistari miwili ya jotoridi, asubuhi na jioni, kwa sababu chanjo nyingi za kuku hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na salio la vichupa vitano vilivyoganda karibu na barafu ni salio la vichupa sifuri. Hakuna fomula itakayokuambia hilo.

Bechi na tarehe ya mwisho havina nafasi kwenye jedwali pana. Ukiwa na vichupa vya bechi mbili, vinavyokwisha muda miezi tofauti, jedwali linakuonyesha 3 tu. Kadi inakuonyesha viwili vya zamani na kimoja kipya, nawe unaanza na vya zamani. Na kama kundi limechanjwa na bado limeugua, swali la kwanza utakaloulizwa na daktari wa mifugo ni bechi ipi.

(Kitu kinachosahauliwa kwenye karatasi zote tatu ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yale ya kutuliza klorini ya maji kabla ya kuweka chanjo. Yape mstari. Asubuhi ya chanjo si wakati wa kugundua kwamba yalinywewa na chai.)

Dawa: salio linalopima tiba

K7 lilipofika siku ya 24 tuliona kinyesi chenye damu, na daktari akathibitisha koksidiosisi. Tulikuwa na kopo la kilo 1 la amprolium, unga wa asilimia 20. Alitupa kipimo cha gramu 1.2 kwa lita ya maji kwa siku 5. Kuku wa umri ule, 490 waliobaki, tulikuwa tunawawekea takribani lita 100 kwa siku. Hesabu ni gramu 120 kwa siku, gramu 600 kwa siku tano, na kopo libaki na gramu 400.

Jedwali pana lingeandika "dawa" kwa siku tano na kuweka tiki. Nimeona majedwali mengi ya hivyo. Tiki inasema dawa ilitolewa, haisemi kiasi, na kopo linabaki "limefunguliwa" mpaka siku litakapoisha katikati ya tiba ya kundi jingine.

Sisi tulikuwa na kopo kwenye mizani. Tulilipima kabla ya kuanza, tukaandika uzito wake wote, na baada ya siku ya tano tukalipima tena. Limepungua gramu 450, si 600. Hapo karatasi ya stoo ikageuka kuwa kipimo cha tiba yenyewe. Gramu 450 kwa siku tano ni 90 kwa siku, na 90 inaweza kutokea kwa njia mbili: ama mchanganyo ulikuwa sahihi lakini zilichanganywa lita 75 tu, ama lita 100 ziliwekwa dawa hafifu, gramu 0.9 kwa lita. Majibu yake hayafanani. Kuku wagonjwa hunywa kidogo, na la kwanza linamhusu daktari. La pili linahusu kijiko cha kupimia.

Ilikuwa la kwanza. Tulijua kwa sababu mhudumu alikuwa akiandika madumu ya maji aliyochanganya, na kila siku yalikuwa pungufu ya matano ya lita 20.

Kwa dawa, kwa hiyo, mstari unaofaa una kundi, siku ya ngapi ya tiba, lita zilizochanganywa na gramu zilizotoka. Kadi inaweza kubeba hayo. Orodha ya miamala inayabeba kwa urahisi zaidi, na ina faida moja ya ziada: ukichuja kundi moja unaiona dawa ya mwisho ilitoka tarehe gani, na kuanzia hapo unahesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuuza nyama au mayai. Ukiwa na kadi kumi za dawa itabidi uzipitie zote kumi, na ile iliyoanguka nyuma ya rafu ndiyo itakayokuponza.

Orodha ikiwa kwenye kompyuta

Safu saba zinatosha. A ni tarehe, B kitu, C bechi, D kundi, E Ingia, F Toka, G maelezo. Laha hiyo naiita Miamala. Kwenye laha ya pili, jina la kitu liko A2, na salio lake ni hili:

```
=SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!B:B,$A2)-SUMIFS(Miamala!F:F,Miamala!B:B,$A2)
```

Matumizi ya kila kundi, jina la kundi likiwa juu ya safu kwenye C1 na kuendelea kulia:

```
=SUMIFS(Miamala!F:F,Miamala!B:B,$A2,Miamala!D:D,C$1)
```

Kwenye baadhi ya kompyuta mkato hukataliwa na unatakiwa kuweka nukta mkato badala yake. Hilo ni la mipangilio ya eneo ya kompyuta, fomula haina kosa.

Kosa litakalokusumbua ni jingine, na halionekani. "Stata" na "Stata " yenye nafasi mwishoni ni vitu viwili kwa fomula hii. Herufi kubwa na ndogo haijali, nafasi inajali. Mstari wenye kosa hilo haupigi kelele. Unaachwa nje ya jumla, na salio linapanda kwa kilo zilizoliwa kweli. Weka orodha ya kuchagua kwa `Data validation` kwenye safu ya B na D ili mtu asichape jina kwa mkono. Kisha weka seli moja ya ulinzi: jumla ya safu F nzima ya kitu hicho, kutoa matumizi ya makundi yote. Ikiwa si sifuri, kuna mstari usio na kundi au wenye kundi lisilopo kwenye laha ya pili. Vitu vilivyoharibika au kuisha muda navipa kundi lao, TUPWA, ili navyo viingie kwenye hesabu hiyo bila kumbebesha K7 au K8.

Usiruhusu mtu kurekebisha salio kwa kuchapa namba juu ya fomula. Ukihesabu stoo na ukakuta kilo 125 wakati laha inasema 131, ongeza mstari wa leo: Toka 6, kundi TUPWA, maelezo "hesabu ya stoo". Mwezi ujao utaona kama TUPWA ya stata inajirudia kila wiki, na hapo unaweza kwenda kutafuta tundu la panya ukiwa na sababu.

Nani achague ipi

Mwenye kundi moja kwa wakati, anayeingiza vifaranga wote pamoja na kuwauza wote pamoja, sioni sababu ya kumtoa kwenye jedwali pana la karatasi. Alijaze kwa kilo, aongeze safu ya kuku hai ili agawe, na abandike kadi kwenye friji. Kundi likiondoka, karatasi nzima ni historia ya kundi hilo, na inasomeka kuliko laha yoyote.

Mwenye makundi mawili au zaidi yanayopishana ahamie orodha ya miamala, hata kama ni daftari lisilo na kompyuta. Kwenye daftari atajumlisha kwa mkono kila Jumapili, kundi kwa kundi, na hiyo ni kama nusu saa ya kazi. Kadi ya friji ibaki hata hapo. Mstari wake unanakiliwa kwenye orodha jioni. Ni kuandika mara mbili, najua, na ni sehemu pekee ninayoikubali.

Mwenye stoo kubwa yenye mtunza stoo wake, ambaye si yeye anayelisha, anahitaji kadi kwa vitu vyote, zenye safu ya kundi, na mabanda yawe na jedwali lao la kilichomwagwa kwenye vyombo. Kadi zinasema kilichotoka stoo, mabanda yanasema kilicholiwa, na tofauti kati yao ni chakula kilicho kwenye mapipa ya bandani. Tofauti hiyo ikikua kila siku bila mapipa kujaa, kuna mahali chakula kinapitia.

Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine kufanyike siku banda likiwa tupu na stoo ikiwa na vitu vichache kuliko siku zote. Pima mifuko iliyofunguliwa, hesabu vichupa, weka makopo ya dawa kwenye mizani, andika kila kimoja kama Ingia yenye maelezo "salio la kuanzia", na karatasi ya zamani uifunge siku hiyo hiyo. Tulijaribu kuendesha zote mbili kwa wiki tatu ili "tulinganishe", na kufikia wiki ya pili mhudumu alikuwa anajaza moja kwa kunakili nyingine.